Barua ya Kukataa Kazi Bila Kufunga Mlango: Mwongozo kwa Aliyepata Ofa ya Hoteli Unguja

Masika yakikaribia kuisha, hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje huanza kujaza nafasi kabla ya wageni wa Juni. Baadaye mwaka, kabla ya Disemba, mambo huwa hivyo hivyo. Ndipo swali hili linaporudi: "Nimepewa kazi, lakini siendi. Niwajibu vipi nisije nikajiharibia?" Wanaouliza huwa wameshaahidiwa kazi nyingine mjini, au wamepiga hesabu ya usafiri na zamu wakaona haitoki, au kuna mgonjwa nyumbani Pemba.

Mwongozo huu ni wa aliyepewa barua ya ofa na bado hajatia sahihi. Kama umeshasaini mkataba, unachofanya si kukataa tena, ni kuacha kazi. Hilo lina taratibu zake, na tutaligusa mwishoni.

Kabla ya kuandika, jua upande wa pili wanafanya nini. Afisa utumishi aliyekupa ofa ana orodha ya waliosailiwa, na wa pili yake bado hajaambiwa kitu. Ukijibu kesho, atampigia huyo wa pili, ataziba pengo, na wewe atakukumbuka kwa wema. Ukijibu baada ya siku kumi, wa pili naye atakuwa ameshakwenda hoteli nyingine, na kazi ya kutafuta watu itaanza upya katikati ya msimu. Hasira inatoka hapo, haitoki kwenye "hapana" yako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Iweke barua ya ofa mbele yako. Humo utachukua tarehe yake, kumbukumbu namba ikiwa ipo, jina la nafasi kama walivyoliandika wao, jina na cheo cha aliyetia sahihi, na siku ya mwisho ya kujibu. Kama siku ya mwisho haikutajwa, jipe siku tatu.

Uwe na uamuzi uliokwisha. Barua hii si ya kuvutia mshahara. Ukitaka kuzungumzia mshahara au malazi, zungumza kwanza, na ukate shauri baada ya hapo. Anayekataa kwa barua kisha akakubali kwa simu amejishusha bei mwenyewe.

Uwe na sababu moja inayosemeka katika sentensi moja. Na uwe na jambo moja la kweli kuhusu baadaye: lini utakuwa huru, au ni nafasi ya aina gani ungeikubali. Hilo la mwisho ndilo linaloacha mlango wazi, na ndilo watu wengi wanalolisahau.

Mfano tutakaoufuata

Chukua msichana wa Wete anayeishi kwa shangazi yake Jang'ombe. Tarehe 12 Mei 2026 amepata barua ya hoteli moja ya Nungwi: mhudumu wa mapokezi, zamu za kupokezana, ajibu kabla ya tarehe 19. Siku hizo hizo ofisi moja ya mjini imempa kazi ya karani wa hesabu kwa mkataba wa miezi 12 kuanzia tarehe 1 Juni. Zamu ya jioni ya hoteli inamalizika saa tano usiku. Kwa mtu anayetegemea daladala namba 116 kurudi mjini, hiyo ni saa ya kulala Nungwi, na malazi ya wafanyakazi wa kike hoteli hiyo haina. Amechagua ofisi. Lakini anaipenda kazi ya mapokezi, na angependa hoteli ile ile imkumbuke mwakani.

Hatua ya 1: Mwambie kwanza aliyekushika mkono

Hapa visiwani kazi nyingi zina mtu nyuma yake: mjomba aliyelipeleka jina lako, jirani anayefanya kazi hapo, mwalimu wako wa chuo. Mtu huyo asisikie habari kwa meneja. Mwendee, au mpigie, kabla ya barua kuondoka: "Mjomba, shikamoo. Ile kazi uliyonisaidia nimeipata, nakushukuru sana. Lakini nimepata nyingine karibu na nyumbani na nimeamua kuichukua. Leo nawaandikia hoteli, nikaona nisiwaandikie kabla hujajua."

Ukiiruka hatua hii, barua yako nzuri haitokusaidia kitu. Aliyekuombea atakuwa ameaibika mbele ya watu wake, na mara ya pili hatokuombea.

Hatua ya 2: Piga simu, kisha andika siku hiyo hiyo

Simu inaleta habari haraka, barua inaweka kumbukumbu kwenye faili. Moja haichukui nafasi ya nyengine. Piga asubuhi, saa tatu mpaka saa nne. Ijumaa usipige karibu na sala, na Ramadhani kumbuka kwamba ofisi nyingi hufunga mapema.

Usieleze mengi kwenye simu. Yanatosha haya: "Assalaam alaykum, Bi Meneja. Mimi ni fulani, mliniletea ofa ya mapokezi ya tarehe 12. Nakushukuru kwa kunichagua. Nimeamua sitoipokea, na nimeona nikwambie mapema ili upate nafasi ya kumwita mwengine. Barua yangu itakufikia leo." Akiuliza sababu, mpe ile ile utakayoiandika. Sababu ya simu ikitofautiana na ya barua, inaonekana umedanganya mahali.

Asipopokea, jaribu mara ya pili baada ya saa moja, kisha tuma barua bila kusubiri.

Hatua ya 3: Panga kichwa cha barua

Jibu kwa lugha waliyokuandikia wao. Barua ya ofa ikiwa ya Kiswahili, jibu kwa Kiswahili. Ikiwa ya Kiingereza, jibu kwa Kiingereza ukifuata mpangilio huu huu, maana huenda anayeisoma si mtu wa hapa.

Anuani yako na tarehe zikae juu kulia, anuani yao chini yake kushoto. Andika kwa cheo cha aliyetia sahihi ofa, usiandike "Kwa anayehusika". Barua isiyo na mwenyewe huzunguka mezani mpaka siku ya mwisho ikapita.

Kwenye mstari wa "YAH:" taja jambo lenyewe na nafasi yenyewe. Kosa la kila siku ni kuandika "YAH: BARUA YA SHUKRANI" kwa kuona haya. Mwenye barua 40 mezani ataiweka pembeni akidhani kweli ni shukrani, na wiki ya pili atakupigia kukuuliza unaripoti lini.

Hatua ya 4: Sema hapana ndani ya sentensi tatu za mwanzo

Rejea barua yao, shukuru, kataa. Kwa mpangilio huo, na shukrani isizidi sentensi moja.

Hapa ndipo adabu yetu inapotuponza. Mpwani hapendi kumwambia mtu "hapana" usoni, kwa hivyo huandika "nitajitahidi", "hali yangu kidogo haijakaa sawa", "inshaallah tutaonana". Mdomoni kila mtu hapa anajua maana yake. Kwenye karatasi mmoja atasoma "inshaallah" akaelewa unakuja, mwengine akaelewa huji, na meneja aliyetoka nje hatoelewa kitu. Iweke inshaallah kwenye sentensi ya baadaye kama unaipenda, lakini sentensi ya kukataa iwe na kitenzi kimoja kisicho na njia mbili: "sitoipokea nafasi hii."

Tahadhari na "kwa sasa". "Kwa sasa sitoweza" inasomeka kama "nisubirini kidogo". Nao hawawezi kukusubiri, au mbaya zaidi, watakusubiri.

Utaona pia tunasema "kutoipokea" badala ya "kukataa". Kukataa ni neno sahihi, lakini kwenye kichwa cha barua lina ukali. Kutopokea nafasi kunaigusa nafasi tu, hakumgusi aliyekupa.

Hatua ya 5: Toa sababu moja, na uichague kwa akili

Yule msichana ana sababu tatu: kazi nyingine, zamu ya usiku, na malazi. Zote ni za kweli. Aandike ipi?

Kanuni yetu ni hii: sababu inayotibika inaita dawa. Akiandika "sina pa kulala baada ya zamu ya usiku", meneja anaweza kumpigia jioni hiyo hiyo: "Tumekupatia chumba, njoo." Kama chumba kingembadilisha uamuzi, basi jambo hilo lilikuwa la kuzungumzwa kabla ya barua. Kama kisingembadilisha, sasa itabidi akatae mara ya pili bila sababu, na hapo ndipo uhusiano unapochubuka. Kwa hivyo aandike kazi nyingine, ambayo imeshafungwa na haina mjadala.

Usilitaje jina la mwajiri mwengine, wala mshahara wake. Zanzibar ni ndogo, mameneja wanajuana, na linganisho la mishahara halisahauliki.

Usitunge ugonjwa wala msiba. Kijiji ni kimoja. Anayekujua atakuwepo pale mapokezi, na mtu uliyemwita mgonjwa kwenye barua ataonekana Darajani akinunua kanga. Kama sababu ya kweli ni ya siri, andika "kwa sababu za kifamilia" na usimame hapo. Hakuna meneja mwenye akili atakayeuliza zaidi.

Hatua ya 6: Uache mlango wazi kwa kitu kinachoshikika

"Natumai tutashirikiana siku zijazo" ni maneno matamu yasiyomsaidia mtu. Afisa utumishi hawezi kuyaweka kwenye orodha yake. Anachoweza kukiweka ni tarehe na aina ya kazi.

Msichana wetu ana bahati: mkataba wake wa miezi 12 unaanza 1 Juni 2026 na kumalizika 31 Mei 2027, wakati ambao hoteli zinatafuta watu. Basi aandike hivyo hivyo. Asiyekuwa na tarehe anaweza kutaja aina: "nafasi ya zamu za mchana", au "nafasi ya tawi lenu la mjini".

Ongeza jambo moja dogo ulilolipata kwenye usaili, lililo lao peke yao. Inaonyesha kwamba ulikuwa unasikiliza, na meneja akiisoma atakukumbuka sura. Moja linatosha. Ukiweka matatu unageuka mpambe.

Onyo: usiahidi usichokikusudia. Ukiandika "nitakuja mwakani", wengine wanaandika kweli kwenye kitabu. Andika "nitafurahi kuomba tena", maana kuomba kuko mikononi mwako na kuajiri kuko mikononi mwao.

Hatua ya 7: Funga, soma kwa sauti, tuma

Barua nzima isipite sana maneno 150, nusu ya karatasi ya A4. Hii hapa ya mfano wetu:

> S.L.P. …………,
> Zanzibar.
> Simu: …………
> 14 Mei 2026
>
> Meneja Rasilimali Watu,
> (Jina la hoteli),
> S.L.P. …………,
> Zanzibar.
>
> Ndugu,
>
> YAH: KUTOIPOKEA NAFASI YA MHUDUMU WA MAPOKEZI
>
> Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. ………… ya tarehe 12 Mei 2026, pamoja na mazungumzo yetu ya simu ya leo asubuhi.
>
> Nakushukuru kwa kunichagua. Nasikitika kukujulisha kwamba sitoipokea nafasi hii. Nimepokea kazi nyingine ya mkataba wa miezi 12 karibu na ninapoishi, inayoanza tarehe 1 Juni 2026.
>
> Katika usaili nilivutiwa na maelezo yako ya namna mnavyowapokea wageni wanaofika kwa makundi. Mkataba wangu utamalizika tarehe 31 Mei 2027. Ikiwa wakati huo mtakuwa na nafasi ya mapokezi yenye malazi, nitafurahi kuomba tena. Namba yangu ya simu itabaki hii hii.
>
> Nakutakieni msimu mwema.
>
> Wako mwaminifu,
> (sahihi)
> (jina kamili)

Angalia neno "malazi" limeingia wapi. Halikuingia kwenye sababu, ambako lingeleta mjadala wa leo. Limeingia kwenye sentensi ya mwakani, ambako ni taarifa tu: wakiwa na chumba, wanajua wa kumwita.

Ukiwa unaandikia wizara au taasisi ya serikali, mwili wa barua ni huu huu. Kinachobadilika ni anuani: andika kwa cheo cha mkuu wa taasisi, kama Katibu Mkuu au Mkurugenzi Mtendaji, usiandike jina la afisa uliyezungumza naye. Na usiisahau kumbukumbu namba, kwa sababu masjala hutafuta faili kwa namba hiyo.

Isome kwa sauti mara moja. Ukijikwaa kwenye sentensi, ikate. Kisha itie sahihi, uigeuze kuwa PDF, na uitume kwa kujibu ile ile barua pepe iliyokuletea ofa, ili zikae pamoja. Faili lipe jina lenye jina lako, kwa mfano `Barua_JinaLako_Mapokezi.pdf`, lisiwe `scan0012.pdf`. Kama ofa ililetwa kwa mkono, peleka kwa mkono nakala mbili na uombe ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. WhatsApp ni ya kusema "barua nimeshaituma", haifai kuwa barua yenyewe.

Hatua ya 8: Kumbusha mara moja, kwa wakati wake

Mlango uliouacha wazi hujifunga wenyewe kwa kusahauliwa. Kwa mfano wetu, ujumbe mmoja Aprili 2027 unatosha, kabla hoteli hazijaanza kusaili: "Bi Meneja, ni fulani, mwaka jana mlinipa ofa ya mapokezi. Mkataba wangu unamalizika 31 Mei. Kama mtatangaza nafasi naomba nijulishwe." Salamu za Idi ni nzuri pia, lakini usizitie ombi la kazi ndani yake.

Mambo yakienda kombo

*Wamenipigia wameongeza mshahara.* Kama umeshasema ndiyo kwengine, jibu ni lile lile: "Nashukuru, lakini nimeshatoa neno." Jibu hilo linakupandisha machoni mwao, kwa sababu wanajua hata neno lako kwao lingeshikwa hivyo.

*Hawajajibu barua yangu.* Subiri siku mbili za kazi, kisha piga simu kuuliza kitu kimoja tu: je, imefika? Ikiwa imefika, kimya si hasira. Wako kwenye mbio za kumtafuta mwengine.

*Nilishasema "ndiyo" kwa mdomo.* Piga simu leo, usisubiri kesho. Kwenye barua ongeza sentensi moja baada ya kukataa: "Naomba radhi kwa kuwa awali nilikubali kwa mdomo." Radhi moja. Ukirudia tatu unalikuza kosa.

*Siku ya mwisho imeshapita.* Andika hata hivyo, na utaje kuchelewa bila kujitetea. Hapa usitarajie mengi msimu huu. Barua iliyochelewa ni bora kuliko kimya, ila usiitie sentensi ya kuomba tena. Iache mpaka msimu ujao.

*Vyeti vyangu vya asili viko kwao, na sare wameshanipa.* Rejesha sare ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, siku ile ile unayopeleka barua, na uombe vyeti vyako hapo hapo. Andika kwenye barua kwamba umerejesha nini, idadi na tarehe, ili baadaye pasiwe na "shati moja halionekani".

*Nimeshasaini mkataba.* Usiitumie barua hii. Fungua mkataba utafute kifungu cha kuvunja mkataba na muda wa taarifa, hasa kwa kipindi cha majaribio, uandike barua ya kuacha kazi kwa muda huo. Ajira binafsi Zanzibar zinaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na Kamisheni ya Kazi ndiyo mahali pa kuuliza kama kifungu hakieleweki.

*Ile kazi niliyoichagua imevunjika kabla sijaanza.* Pigia hoteli siku hiyo hiyo, useme ukweli kwa sentensi mbili: kazi haikuwa, na kama nafasi bado haijajazwa uko tayari. Usiombe waliyeshamwita aondolewe. Wakisema imejazwa, waulize kama wana nafasi ya kushikilia kwa wanaokwenda likizo, maana katikati ya msimu hizo hutokea, na mara nyingi hupewa mtu ambaye jina lake liko juu ya meza.